Sarafu Tano au Bitcoin Moja? Mwongozo Kamili wa Kupima Uwiano wa Altikoini Kabla ya Kusema Umetawanya Hatari

Mei 2022 nilikuwa na sarafu sita za kripto, na nilikuwa na hakika kwamba nimetawanya hatari. Moja ilikuwa ya mtandao wa mikataba janja, nyingine ya kukopesha, nyingine ya michezo ya kompyuta, nyingine ya kuhifadhi mafaili. Kazi zao hazikufanana hata kidogo. Sikuwa na LUNA, sarafu ya mtandao wa Terra, hata senti moja. Lakini Terra ilipoporomoka wiki ile, Bitcoin ilishuka, na sarafu zangu zote sita zikashuka nayo, tena nyingi zikashuka kuliko Bitcoin yenyewe. Nilikuwa nimelinganisha kazi za sarafu, sikuwa nimelinganisha mwendo wa bei zake.

Mwenye kibanda anayeuza maji baridi, soda, juisi na barafu ana bidhaa nne, lakini mvua ikinyesha siku nzima zote nne hazitoki. Kabla ya kuongeza bidhaa ya tano inambidi ajue kama na hiyo inategemea jua. Kwenye kripto jua ni Bitcoin, na kiasi ambacho sarafu nyingine inalitegemea kinaweza kupimwa kwa jedwali la Google Sheets na saa mbili za utulivu. Nitakuonyesha ninavyofanya mimi, na nitakaa zaidi pale ambapo watu hupata namba nzuri isiyo ya kweli.

Kwa nini zinatembea pamoja

Ukijua sababu utaelewa kwa nini uwiano, yaani kiwango cha bei mbili kufuatana, hupanda siku mbaya kuliko siku ya kawaida. Altikoini, yaani sarafu za kripto zisizo Bitcoin, nyingi hununuliwa kwa fedha zile zile zinazonunua Bitcoin, hasa USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola, kwenye masoko yale yale, na watu wale wale. Wafanyabiashara wakubwa wanaoweka bei za kununua na kuuza hutazama Bitcoin kwanza. Ikishuka, wanarekebisha bei za sarafu nyingine mara moja, bila kusubiri habari yoyote kuhusu sarafu hizo.

Sababu nyingine ni biashara ya mkopo. Anayefanya biashara kwa mkopo mara nyingi huweka sarafu zake zote kuwa dhamana moja. Bitcoin ikishuka sana, dhamana haitoshi tena, na soko linauza kwa lazima chochote kilichomo kwenye akaunti. Altikoini yenye wanunuzi wachache ndiyo inayoanguka zaidi kwa mauzo hayo, hata kama mradi wake haujapata tatizo lolote. Tarehe 12 Machi 2020, hofu ya korona ilipoyakumba masoko ya dunia, Bitcoin ilitoka karibu dola 7,900 hadi chini ya dola 5,000 kwa siku moja. Ethereum ilitoka karibu dola 195 hadi karibu dola 110. Hakuna kitu kilichoharibika ndani ya Ethereum siku ile.

Hatua ya kwanza: kupata bei zilizofungwa saa ile ile

Unahitaji bei ya kufunga ya kila siku kwa mwaka mmoja, ya Bitcoin na ya kila sarafu unayoishikilia au unayotaka kununua. Mimi huchukua kwenye `data.binance.vision`, ambako mafaili ni ya bure na hayahitaji akaunti. Njia ya faili la mwezi mmoja ni hii:

```
data/spot/monthly/klines/BTCUSDT/1d/
```

Ndani utakuta mafaili kama `BTCUSDT-1d-2024-01.zip`. Pakua miezi kumi na mitatu ili usipungukiwe, fungua, kisha unganisha kwenye jedwali. Mafaili haya hayana vichwa vya safu. Safu A ni muda wa kufunguliwa kwa siku, na safu E ni bei ya kufunga. Hizo mbili tu ndizo unazozihitaji. Muda umeandikwa kwa namba ndefu, na hapa kuna jambo limewachanganya wengi: mafaili ya hadi mwisho wa 2024 yanahesabu kwa milisekunde, na kuanzia Januari 2025 yanahesabu kwa maikrosekunde. Kwa hiyo tarehe inapatikana kwa fomula mbili tofauti, ya kwanza kwa mafaili ya zamani na ya pili kwa mapya:

```
=A2/86400000+DATE(1970,1,1)
=A2/86400000000+DATE(1970,1,1)
```

Siku ya data hii huanza na kuisha saa sita usiku kwa saa za UTC, yaani saa tisa usiku kwetu Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Hilo lenyewe si tatizo. Tatizo ni kuchanganya vyanzo. Ukichukua Bitcoin hapa, kisha ukaandika bei za altikoini kwa kuangalia simu kila jioni saa mbili, unalinganisha siku mbili zisizolingana. Uwiano utashuka, na utadhani umepata sarafu inayojitegemea.

Tumia bei za dola au USDT kwa sarafu zote, usibadilishe kuwa shilingi. Shilingi nayo ina mwendo wake, na ukiiingiza kwenye bei ya kila sarafu unaongeza kitu cha pamoja ambacho hakitokani na kripto.

Tahadhari nyingine ni jina la sarafu. LUNA ya kabla ya Mei 2022 sasa inaitwa LUNC, na jina LUNA likapewa sarafu mpya. Anayepakua `LUNAUSDT` kwa miaka mingi anaunganisha sarafu mbili tofauti kwenye mstari mmoja. Bei ikiruka ghafla mara elfu kadhaa, au tarehe zikikatika katikati, simama uchunguze kwanza.

Hatua ya pili: badiliko la siku, si bei

Panga jedwali hivi: safu A tarehe, B Bitcoin, C hadi F altikoini zako nne. Mimi nitatumia ETH, SOL, LINK na ADA. Bei zianze mstari wa 2 hadi wa 367, jumla bei 366. Kisha kwenye G3 andika fomula hii, ivute kulia hadi K, halafu chini hadi mstari wa 367:

```
=B3/B2-1
```

Sasa una mabadiliko 365 ya kila siku kwa sarafu tano. Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hutokea: mtu anaruka hatua hii na kupima uwiano wa bei zenyewe. Bei za vitu viwili vinavyopanda mwaka mzima zinaweza kuonekana kuwa na uwiano wa 0.9 hata kama kila siku kimoja kinakwenda kivyake, kwa sababu vyote viwili vina mwelekeo. Kinyume chake pia kipo. Altikoini inayopoteza thamani taratibu wakati Bitcoin inapanda taratibu itaonyesha uwiano hasi kwenye bei, ingawa kila Bitcoin inapoanguka asilimia 5 nayo huanguka asilimia 7. Mwenye kuamini uwiano hasi huo atainunua kama kinga, na siku ya kinga haitamkinga. Mabadiliko ya siku hayana mwelekeo huo mrefu, ndiyo maana tunapima hayo.

Hatua ya tatu: uwiano wenyewe

Kwenye H370 andika fomula hii na uivute kulia hadi K370:

```
=CORREL($G3:$G367,H3:H367)
```

Namba inayotoka iko kati ya −1 na 1. Moja maana yake zinakwenda pamoja kwa uwiano kamili, sifuri maana yake mwendo wa moja haukuambii kitu kuhusu mwendo wa nyingine, na hasi moja maana yake zinapishana kabisa. Kwa altikoini kubwa usitarajie sifuri. Ukiona sifuri, shuku jedwali lako kabla ya kushangilia.

Majaribio mawili hukuonyesha haraka kama jedwali ni zima. La kwanza: pakua Bitcoin kutoka chanzo cha pili na uipime dhidi ya Bitcoin yako. Uwiano unapaswa kuwa karibu kabisa na 1. Ukipata kitu kama 0.5, au hata karibu na sifuri, tarehe zimesogea. La pili: pima Bitcoin ya leo dhidi ya altikoini ya kesho, hivi:

```
=CORREL($G3:$G366,H4:H367)
```

Hii inapaswa kuwa ndogo, karibu na sifuri. Ikiwa ni kubwa kuliko uwiano wa siku ile ile, basi safu moja imeteleza kwa mstari mmoja. Nimewahi kukaa na jedwali lililoteleza hivyo kwa wiki mbili, na katika wiki hizo mbili niliamini nimegundua sarafu ya ajabu.

Sarafu ndogo zisizouzwa sana huleta udanganyifu wa aina nyingine. Kama sarafu huuzwa mara chache kwa siku, bei yake ya kufunga inaweza kuwa ya saa nyingi zilizopita. Bitcoin imeshuka usiku, yenyewe inaonekana imesimama, kisha inashuka kesho yake. Kwenye jedwali la siku uwiano unakuwa mdogo. Dawa ni kuchukua bei ya kila Jumapili tu na kupima mabadiliko ya wiki. Uwiano ukipanda sana kwenye wiki kuliko kwenye siku, sarafu hiyo haijitegemei, inachelewa tu kufika.

Usiamini siku thelathini

Wengi hupima siku 30 kwa sababu ndizo wanazozikumbuka. Hesabu inasema nini? Ukipata uwiano wa 0.6 kwa siku 30, uwiano halisi unaweza kuwa popote kati ya karibu 0.31 na 0.79, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Mmoja anasema sarafu inajitegemea kiasi cha kutosha, mwingine anasema ni Bitcoin yenye jina jingine, na wote wawili wanasoma jedwali lile lile. Kwa siku 90 pengo linakuwa kati ya 0.45 na 0.72. Kwa mwaka mzima ni kati ya 0.53 na 0.66. Fomula ya mwisho wa chini ni hii, na ukibadilisha alama ya kutoa kuwa ya kujumlisha unapata wa juu:

```
=TANH(ATANH(0.6)-1.96/SQRT(365-3))
```

Masoko ya kripto yana siku nyingi za mitikisiko mikubwa kuliko hesabu hii inavyodhani, kwa hiyo ukweli ni mpana kidogo kuliko hivyo. Ndiyo sababu natumia mwaka kwa namba kuu, na dirisha la siku 90 kuangalia tu kama kuna kinachobadilika. Dirisha hilo linaandikwa kwenye M92, kisha linavutwa chini:

```
=CORREL($G3:$G92,H3:H92)
```

Safu L tumeiacha wazi kwa makusudi, tutaihitaji. Ukiichora safu M kwenye grafu utaona uwiano ukipanda na kushuka mwaka mzima. Kila unapoona umeruka ghafla, tafuta kama kuna siku moja kubwa iliyoingia au kutoka kwenye dirisha.

Mfano halisi ni XRP. Tarehe 13 Julai 2023 Jaji Analisa Torres wa New York alitoa uamuzi katika kesi ya SEC, tume ya Marekani ya kusimamia masoko ya mitaji, dhidi ya kampuni ya Ripple kuhusu uuzaji wa XRP, na XRP ikapanda zaidi ya asilimia 70 siku hiyo, wakati Bitcoin ilipanda asilimia chache tu. Chukua hesabu hii: tuseme siku 89 nyingine za dirisha XRP hubadilika kwa asilimia 2.5 hivi, Bitcoin asilimia 2, na uwiano wao ni 0.7. Siku ile moja peke yake inabeba karibu asilimia 90 ya mtikisiko wote wa XRP ndani ya dirisha, na uwiano unaopimwa unashuka hadi karibu 0.4. Kwa miezi mitatu jedwali linasema XRP imejitenga na Bitcoin. Kisha tarehe 11 Oktoba siku ile inatoka kwenye dirisha na uwiano unaruka kurudi juu, bila habari yoyote kutokea tarehe hiyo. Kwa hiyo nikiona uwiano mdogo, naondoa siku moja kubwa kuliko zote na kupima tena. Namba ikirudi juu, sarafu haikujitenga na Bitcoin. Ilipata habari yake mara moja tu.

Uwiano haukuambii utaumia kiasi gani

Sarafu mbili zinaweza kuwa na uwiano ule ule wa 0.8 na Bitcoin, moja ikashuka nusu ya Bitcoin na nyingine mara mbili yake. Uwiano unapima jinsi zinavyofuatana, haupimi urefu wa hatua. Urefu wa hatua unapimwa na beta, ambayo kwenye jedwali ni `SLOPE`. Altikoini huja kwanza, Bitcoin baadaye. Ukigeuza unapata namba nyingine isiyo na maana unayoitaka:

```
=SLOPE(H3:H367,$G3:$G367)
```

Beta ya 1.5 maana yake, kwa wastani, Bitcoin ikishuka asilimia 1 sarafu hiyo hushuka asilimia 1.5. Kwangu hii ndiyo namba yenye faida kuliko zote, kwa sababu inakuwezesha kugeuza mali yako yote kuwa kiasi cha Bitcoin.

Chukua mtu mwenye milioni tano za shilingi za Kitanzania, milioni moja kwenye Bitcoin na milioni moja kwenye kila moja ya sarafu nne. Nitaziita A, B, C na D, na beta nimezipanga mwenyewe kwa ajili ya hesabu: A ina 1.2, B ina 1.6, C ina 1.5, D ina 0.9. Bitcoin yenyewe ni 1. Zidisha kila milioni kwa beta yake kisha jumlisha: 1 + 1.2 + 1.6 + 1.5 + 0.9 ni milioni 6.2. Mtu huyu anadhani ametawanya milioni tano, kumbe ameshika kitu kinachotembea kama milioni sita na laki mbili za Bitcoin. Bitcoin ikishuka asilimia 10, tarajio ni kupoteza shilingi 620,000. Kama angeweka milioni tano zote kwenye Bitcoin angepoteza 500,000. Kuongeza sarafu nne kumemwongezea hatari ile ile aliyotaka kuipunguza.

Beta ni wastani, na siku mbaya haina adabu ya wastani. Kwa hiyo pima siku hizo peke yake. Wengi huchuja siku ambazo Bitcoin ilianguka kisha wanapima `CORREL` kwa siku hizo tu. Usifanye hivyo: ukikata data kwa kuchagua siku za upande mmoja, uwiano hushuka wenyewe kihesabu hata kama uhusiano haujabadilika, na utajipa faraja ya uongo. Uliza maswali mawili mepesi zaidi. Siku Bitcoin ilipoanguka zaidi ya asilimia 3, sarafu hii ilibadilika kiasi gani kwa wastani? Na katika siku hizo, ni mara ngapi nayo ilishuka?

```
=AVERAGEIF($G3:$G367,"<-0.03",H3:H367)
=COUNTIFS($G3:$G367,"<-0.03",H3:H367,"<0")/COUNTIF($G3:$G367,"<-0.03")
```

Linganisha jibu la kwanza na wastani wa Bitcoin yenyewe siku hizo. Jibu la pili likiwa 0.95, basi katika kila siku ishirini mbaya, sarafu hiyo ilikusaidia siku moja. Angalia pia siku zenyewe ni ngapi. Zikiwa nane tu kwa mwaka, ongeza mwaka mwingine wa data kabla ya kuamua.

Hatua ya mwisho ya kupima: sarafu tano ni ngapi kweli?

Hadi hapa tumeilinganisha kila sarafu na Bitcoin. Sasa tazama mali yote kwa pamoja. Kwenye L3 andika fomula hii, kisha ivute chini:

```
=AVERAGE(G3:K3)
```

Hilo ndilo badiliko la kila siku la mali yako ikiwa umegawa sawa. Halafu linganisha mtikisiko wake na wastani wa mitikisiko ya sarafu moja moja:

```
=STDEV(L3:L367)/AVERAGE(STDEV(G3:G367),STDEV(H3:H367),STDEV(I3:I367),STDEV(J3:J367),STDEV(K3:K367))
```

Jibu likiwa 1, hukutawanya chochote. Kama sarafu tano zingekuwa hazihusiani kabisa na zina mtikisiko sawa, jibu lingekuwa karibu 0.45, yaani hatari ingepungua kwa zaidi ya nusu. Lakini kama uwiano kati ya kila jozi ni 0.8, jibu ni karibu 0.92. Umepunguza asilimia 8 tu.

Watu hujibu kwamba basi waongeze sarafu. Hesabu haikubali. Kuna fomula inayogeuza idadi ya sarafu kuwa idadi ya sarafu zinazojitegemea, ambamo N ni idadi na r ni wastani wa uwiano wa jozi zote:

```
N/(1+(N-1)*r)
```

Sarafu 5 zenye uwiano wa 0.8 ni sawa na sarafu 1.19 zinazojitegemea. Sarafu 20 ni sawa na 1.23. Hata ukinunua 1,000 huwezi kufika 1.25, kwa sababu 1 gawanya kwa 0.8 ni 1.25, na huo ndio ukomo. Maji yakikupwa, mashua ishirini hukaa mchangani kama zilivyokaa tano. Namba hii ilinifanya niache kununua altikoini ya saba na ya nane, na ningeomba kila anayeanza aihesabu kwa mali yake kabla ya kununua ya tatu.

Uwiano mdogo unaoua

Kuna jambo ambalo jedwali haliwezi kukuonya. Novemba 2022 soko la FTX lilipoanguka, Bitcoin ilishuka vibaya, lakini Solana, iliyokuwa na uhusiano wa karibu na FTX na kampuni yake dada ya Alameda, ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa siku chache. Mwezi Mei mwaka ule LUNA ilitoka makumi ya dola hadi chini ya senti ndani ya wiki moja hivi. Hizo nazo zilitengana na Bitcoin, ila zilitengana kwenda chini. Uwiano mdogo unakuambia kwamba sarafu ina hatari yake binafsi juu ya ile ya Bitcoin. Haukuambii hatari hiyo itaelekea upande gani. Tena sarafu zilizokufa hazipo kwenye orodha unazochagua leo, kwa hiyo jedwali lako daima limejaa walionusurika. Ndiyo sababu sinunui sarafu kwa sababu tu uwiano wake ni mdogo. Natafuta kwanza kwa nini ni mdogo. Ikiwa ni kwa sababu ya kesi mahakamani, au mtu mmoja mwenye mkoba mkubwa, au haiuzwi vya kutosha, naiacha.

Vilevile kuna sarafu zenye uwiano mkubwa au mdogo kwa maumbile. WBTC ni Bitcoin iliyofungwa ndani ya mtandao wa Ethereum. Uwiano wake na Bitcoin ni karibu 1, na kuiweka pembeni ya Bitcoin ni kuandika kitu kimoja mara mbili. PAXG hufuata bei ya dhahabu. USDT na USDC hufuata dola, kwa hiyo uwiano wake na Bitcoin hauna maana kubwa: bei haiendi popote, na `CORREL` inapima vumbi. Faida yake inaonekana kwenye beta, ambayo ni karibu na sifuri.

Kutumia namba ulizozipata

Rudi kwa mtu wetu mwenye milioni 6.2 za mwendo wa Bitcoin. Tuseme baada ya kupima aliamua hataki kupoteza zaidi ya shilingi 350,000 Bitcoin ikishuka asilimia 10. Hiyo ina maana jumla ya beta zake isizidi milioni 3.5. Akiuza B na C, zenye beta kubwa, na kuziweka hizo milioni mbili kwenye dola, anabaki na 1 + 1.2 + 0.9, yaani milioni 3.1, na hasara inayotarajiwa ni 310,000. Angeweza pia kubaki na sarafu zote tano na kupunguza kila moja hadi laki 5.6, hasara inayotarajiwa ingekuwa karibu 347,000, bado ndani ya kikomo chake. Ila kubadilisha B kwa altikoini nyingine yenye beta ya 1.6 hakuleti tofauti yoyote kwenye hesabu hii, hata kama kazi ya mradi mpya ni tofauti kabisa.

Kama dola hizo atazishika kwa njia ya USDC au USDT, ajue kwamba nazo ni ahadi ya kampuni. Tarehe 11 Machi 2023 USDC ilishuka chini ya senti 90 kwa muda, kwa sababu dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa kwenye benki ya Silicon Valley Bank iliyokuwa imefungwa siku iliyotangulia. Ilirudi kwenye dola moja siku chache baadaye, lakini aliyelazimika kuuza wikiendi ile aliuza kwa hasara. Sehemu ambayo kweli hutaki itembee na kripto ni bora ikae nje ya kripto kabisa: akaunti ya benki, dhamana za Serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu, au biashara yenyewe unayoiendesha.

Mimi hurudia vipimo hivi mwanzoni mwa kila mwezi, faili la mwezi uliopita linapopatikana. Naongeza mistari mipya chini na kusogeza fomula ili zibaki na siku 365. Natazama namba tatu tu: jumla ya beta kwa shilingi, mgawanyo wa mtikisiko wa safu L, na wastani wa siku mbaya kwa kila sarafu. Napima pia mara moja nje ya ratiba, kila ninapotaka kuongeza sarafu: naiweka kwenye safu yake, naihesabu kana kwamba tayari ninayo, na kuangalia mgawanyo wa safu L unashuka au unabaki palepale. Ukibaki palepale, fedha inabaki mfukoni.